Shajara ya MF 135: asubuhi inanyanyua kwa shida, mchana plau inashuka yenyewe

Jumamosi, 5 Oktoba. Ubaruku, Mbarali

Nimeitwa na baba mdogo nikaangalie trekta yake. Ni Massey Ferguson 135, zile za injini ya Perkins ya silinda tatu zilizokuwa zikiundwa Coventry. Injini haina neno, inawaka kwa mguso mmoja. Shida ni haidroliki.

Dereva amenieleza hivi: "Fundi, asubuhi nikivuta lifti plau inapanda kama mzee anayeinuka kwenye kigoda. Mchana inapanda afadhali, lakini nikiwa barabarani kurudi nyumbani inashuka yenyewe, sahani ya nyuma inachora lami." Baba mdogo kaongeza kwamba kuna fundi kishamwambia pampu imekufa na bei ameshatajiwa. Ananiangalia kama mtu anayetaka nimwambie siyo.

Sijamjibu. Malalamiko mawili yenye saa tofauti siyapendi kuyajibu kwa mdomo. Kunyanyua polepole ni ugonjwa mmoja na kushuka ni ugonjwa mwingine, hata kama wakati fulani mama yao ni mmoja. Pampu ikikosa oili ya kutosha, plau inapanda polepole, ila ikishafika juu inaweza kukaa hata nusu saa. Oili ikivuja baada ya kutoka kwenye pampu, plau inaweza kupanda vizuri halafu isikae. Trekta hii inasema ina yote mawili, moja ikiwa baridi na jingine ikiwa moto.

Kwa hiyo leo nimepima tu, sijagusa spana. Plau ni ya sahani tatu, mzigo ambao trekta hii inaubeba bila kulalamika ikiwa nzima. Nimetumia saa ya simu na futi ya fundi seremala.

Saa moja asubuhi, injini imewaka dakika tano tu: kutoka chini hadi juu sekunde 14. Nikazima injini plau ikiwa juu, nikapima kutoka ardhini hadi kwenye tundu la mkono wa chini. Baada ya dakika kumi imeshuka sentimita 2 tu. Yaani ikiwa baridi inakaa vizuri sana.

Dereva akaenda kulima kwa muda wa saa moja na nusu, akarudi na trekta ya moto. Kupanda: sekunde 8. Nikazima. Dakika ya kwanza peke yake imeshuka sentimita 6, halafu ikapunguza kasi, na kufikia dakika ya tano sahani zilikuwa zinagusa udongo. Injini ikiwaka na plau ikiwa juu, mikono inatikisa kichwa: inashuka kidogo, inajivuta juu, inashuka tena, kila baada ya sekunde nne hivi. Hiyo ni vali ya kontroli inayoona mikono imeshuka na kufungulia pampu irudishe. Pale kijijini wanasema trekta "inaitikia salamu". Wakiiona wanacheka, lakini ni alama nzuri sana kwa fundi: kadiri inavyoitikia mara nyingi ndivyo oili inavyovuja zaidi, na ukihesabu sekunde unajua kama ulichofanya kimesaidia.

Zile sentimita 6 za dakika ya kwanza nimezipigia mstari daftarini bila kujua maana yake. Kwa nini ikimbie mwanzoni halafu ipunguze?

Jumapili, 6 Oktoba

Oili. Kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa, imepita hata alama ya juu. Rangi ni chai ya maziwa. Nimedondosha tone moja kwenye bomba la moshi lililokuwa bado la moto, likatoa mlio wa chwii na kurukaruka kama kitunguu kwenye kikaango. Hayo ni maji.

Maji yameingia wapi haikuchukua muda kujua. Raba ya mtarimbo wa gia imepasuka duara zima, na trekta hulala nje chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, au kijana akiiosha kwa mpira, maji yanatiririka na mtarimbo hadi ndani. Kwenye 135 oili ya gia, ya difu na ya haidroliki ni moja, kwenye tumbo moja, na pampu imekaa humo humo imezama. Kwa hiyo kila kinachoingia kwenye gia kinanyweka na pampu.

Kuna jambo la pili. Ile oili nilipoinusa ilikuwa na harufu kali ya salfa, ile inayokaa kwenye vidole siku nzima. Nikamuuliza baba mdogo, "Shikamoo baba. Humu mmeweka nini?" Akanyamaza kidogo. Kumbe msimu uliopita plau ilipoanza kushuka, yule fundi alishauri waongeze gia oili namba 90, madumu mawili, "ili iwe nzito". Na kweli ikakaa. Miezi miwili mitatu ikatulia.

Hapo ndipo nilipoanza kuona picha. Oili nzito haipiti kirahisi kwenye upenyo mdogo, kwa hiyo ikiwa baridi inaziba uvujaji kama uji mzito unavyokataa kupita kwenye chujio la chai. Lakini oili hiyo hiyo ndiyo pampu inatakiwa kuinyonya, na pampu nayo inanyonya kupitia chujio. Asubuhi kuna ubaridi, uji haunyonyeki, plau inapanda sekunde 14. Mchana uji unakuwa mwepesi, unanyonyeka, na pia unavuja. Dawa ya ugonjwa wa kwanza ndiyo iliyozaa wa pili.

Nimemwaga oili yote ikiwa bado ya moto, nati zote za chini, nikaiacha idondoke usiku kucha. Chini ya ndoo pamebaki tope la kijivu. Kuna mafundi wanaosafisha kwa dizeli. Mimi sipendi, kwa sababu kuna mifuko humo ndani ambayo haimwagiki, na dizeli ikibaki inakwenda kuchanganyika na oili mpya. Nimeona afadhali nisafishe kwa oili nyepesi ambayo nitaimwaga baadaye.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimenunua dumu moja la lita 20 la oili ya trekta, ile iliyoandikwa UTTO kwenye dumu. Tumbo la trekta hii linachukua kama lita 30, lakini kwa sasa sitaki lijae, na nitaeleza kwa nini.

Tumewasha, nimeingiza mtarimbo wa PTO, maana kwenye trekta hii pampu inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayotokeza nyuma kuendesha mashine za kufungwa. Mtarimbo ukiwa huru, au ukikanyaga klachi hadi chini kabisa, haidroliki inakufa. Nimeshaitwa mara mbili maishani kwa trekta "isiyonyanyua" ambayo mtu alikuwa kautoa tu mtarimbo huo. Hapa siyo, ila ndicho kitu cha kwanza kukishika.

Matokeo ya oili nyepesi: ikiwa baridi, kupanda sekunde 7. Nusu ya Jumamosi. Lakini plau sasa inashuka hata ikiwa baridi, dakika sita iko chini. Baba mdogo kasimama pale kashika kiuno. "Wewe ndiye umeniharibia kabisa. Jumamosi asubuhi ilikuwa inakaa." Nikamwambia, "Baba, haijaharibika leo. Ilikuwa imefunikwa blanketi, leo nimelivua." Hakufurahi. Nadhani na mimi nisingefurahi.

Kabla ya kufungua chochote nimefanya kipimo kimoja ambacho hakigharimu kitu, na ambacho naona mafundi wengi wanakiruka. Nimepima muda wa kupanda bila plau, halafu na plau. Mikono mitupu: sekunde 6. Na plau: sekunde 7. Karibu sawa.

Kama pampu ingekuwa imechoka au uvujaji ungekuwa mkubwa kiasi cha kuipunguzia pampu kazi, mikono mitupu ingeruka juu haraka, na mzigo ndio ungeichelewesha. Presha inapokuwa ndogo hakuna cha kusukuma oili kwenye nyufa, presha ikipanda ndipo inakimbilia huko. Lakini ikiwa polepole vilevile, iwe na mzigo au bila, maana yake pampu inapata oili kidogo. Inasukuma yote inayopewa, ila haipewi ya kutosha. Tatizo liko kwenye mdomo wake wa kunyonyea: oili nzito (hiyo tumeitoa), chujio, au vali ya kontroli isiyofunguka vizuri. Nasema vali kwa sababu mfumo wa Ferguson umekaa kinyume na trekta nyingi za siku hizi zenye pampu ya gia. Kwenye zile pampu inasukuma muda wote na vali iko mbele yake ikiamua oili iende wapi. Kwenye hii, vali iko nyuma ya pampu, kwenye njia ya kunyonya. Ikifunguka, pampu inapata oili na mikono inapanda. Ikikaa katikati, pampu inazunguka bila kunywa kitu na mikono inasimama ilipo. Ikisogea upande wa pili, inaachia oili ya kwenye silinda na mikono inashuka. Kwa hiyo vali iliyonata utelezi wa oili na maji inaweza kuichelewesha, na vali iliyolika inaweza kuishusha.

Pia nimesikiliza mwendo wa kupanda. Unapanda laini, bila kurukaruka. Pampu ya 135 ina pistoni nne, na vali zake ndogo za kuingiza na kutoa oili zikivunjika au kukwamwa na uchafu, mikono inapanda kwa mapigo, kama mtu anayepanda ngazi. Hii haifanyi hivyo.

Mwisho nikafunga gaji ya presha kwenye tundu la nati lililo juu, chini ya kiti, na kufunga mikono ya chini kwa mnyororo kwenye drobari. Nimevuta lifti kwa sekunde chache tu. Gaji imefika psi 2,600 halafu vali ya usalama ikaanza kulia. Kwa trekta hii, popote kati ya 2,500 na 3,000 ni sawa. Pampu haijafa. Nimemwonyesha baba mdogo mshale wa gaji, akaniuliza mara mbili kama sijamdanganya. Ile bei ya pampu tumeiweka pembeni.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo ndiyo sababu ya kutokujaza tumbo. Pembeni mwa tumbo, chini ya kiti, kuna mfuniko wa bolti kadhaa. Oili ikiwa chini ya dirisha hilo unaweza kuufungua, kuwasha injini, kunyanyua mzigo na kuchungulia kwa tochi uone oili inatokea wapi. Humo ndani shafti inazunguka, kwa hiyo ni macho tu yanayoingia. Nimemwambia kijana avue lile shati la mikono mirefu na asimame mbali. Chini ya plau tumeweka magogo mawili, maana haidroliki inayovuja si kitu cha kuegemea, na hata isiyovuja siipitii chini.

Nilichokiona. Kutoka kwenye pampu kuna bomba wima linalopeleka oili juu kwenye mfuniko wa haidroliki, nao mfuniko unaipeleka kwenye silinda iliyoning'inia chini yake. Bomba hilo lina oringi chini, linapoingia kwenye pampu, na oringi juu. Plau ilipopanda, pale chini palitoka unyuzi wa oili mwembamba kama uzi wa kushonea, ukapiga ukuta wa tumbo kwa nguvu. Mzigo ulipoguswa na magogo, uzi ukakatika. Sina shaka na huo.

Cha pili hakikuwa wazi sana. Kwenye mdomo wa silinda, nyuma, pale pistoni inaposukuma mkono wa ndani, oili ilikuwa ikidondoka tone tone. Si uzi, ni matone, lakini mfululizo. Mikono ikiwa juu kabisa matone yanaungana na kuwa kamrija. Ikiwa nusu, yanapungua. Nimeichora hiyo daftarini kando ya zile sentimita 6.

Bomba wima lina uzuri mmoja: linatoka kwa juu. Unaondoa kiti, unafungua kifuniko kidogo kilicho chini yake, unalivuta bomba kama unavyochomoa msumari, bila kunyanyua mfuniko mkubwa. Oringi ya chini ilitoka vipande viwili, ngumu kama kucha. Nimeweka mpya zote, nimezipaka oili kabla, na nimesukuma bomba taratibu ili zisikatwe na ukingo.

Matokeo jioni, trekta ikiwa ya moto: kutikisa kichwa kumetoka kila sekunde nne hadi kila sekunde kumi na tano. Kushuka hadi chini, dakika 13. Kupanda bado sekunde 7, na sikutegemea kubadilike. Oringi mbili zimetoa zaidi ya nusu ya ugonjwa wa kushuka. Kama baba mdogo angenunua pampu, wangelazimika kuondoa bomba hilo, wangeweka oringi mpya, na wote wangeapa kwamba pampu ndiyo ilikuwa mbovu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Tumenyanyua mfuniko mkubwa. Hii ndiyo kazi. Kiti nje, fimbo za kunyanyulia zitenganishwe na mikono ya juu, mkono wa juu wa kati utoke, bomba wima litoke kwanza (ukilisahau linapinda), halafu bolti zote za pembeni. Cheni bloku imefungwa kwenye tawi la mwembe. Nilitaka kukataa, nikaliangalia lile tawi, nikaona limenizidi umri.

Nianze na chujio, kwa sababu ndilo lililokuwa linanikera. Liko kwenye pampu, chini ndani ya oili. Nilipolitoa nikadhani nimetoa kipande cha ngozi ya mbuzi. Nusu ya wavu imefunikwa ute wa kijivu, na juu ya ute kuna nyuzi nyuzi nyekundu zinazovutika. Ni silikoni. Mtu fulani, siku fulani, alifunga mfuniko huu bila gaskiti, akamimina silikoni ya kujaa kiganja, na iliyozidi ikakatikia ndani ikaenda kuliwa na chujio. Silikoni yenyewe si dhambi, lakini kinachoonekana kimefura nje, kiasi hicho hicho kimefura ndani. Nimeosha wavu kwa dizeli na brashi ya meno, nimeukausha kwa upepo, nimeuangalia juani kama kuna tundu. Uko mzima.

Vali ya kontroli nimeisukuma kwa kidole mbele na nyuma. Ilikuwa inakwenda, lakini kwa kunata, kama droo ya kabati la zamani. Baada ya kuosha na kupaka oili mpya inateleza kwa uzito wake. Sijaitoa nje. Kuitoa vizuri kunataka pampu itoke, na pampu kutoka kunataka shafti ya PTO irudishwe nyuma. Ningefanya hivyo kama ningekuwa na ushahidi dhidi yake. Sina.

Sasa silinda. Nimetoa pistoni. Sili yake imekuwa bapa upande wa chini, haina tena ule mviringo unaobana ukuta. Hiyo ilikuwa lazima ibadilike. Nikapangusa ukuta wa silinda kwa tambara safi, nikapitisha ukucha ndani kutoka upande oili inakoingilia kuja mdomoni. Laini, laini, laini, halafu sentimita mbili kabla ya mdomo ukucha ukakwama. Vishimo vya kutu, kama chunusi, upande wa chini, eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia.

Hapo ndipo zile sentimita 6 zilipojieleza. Trekta ikipaki, mikono inakuwa chini na pistoni inakuwa imerudi ndani. Mdomo wa silinda unabaki wazi, na humo ndani kuna mvuke wa yale maji ya mvua. Ukaota kutu pale tu pistoni isipokaa. Lakini plau ikinyanyuliwa hadi mwisho, pistoni inakuja mdomoni na sili inakaa juu ya vishimo vile vile. Oili inapita chini yake, plau inashuka haraka, hadi pistoni irudi kwenye ukuta laini, na kasi inapungua. Kipimo kilikuwa kimeniambia tangu Jumamosi, mimi ndiye sikukisoma.

Nimesugua kwa msasa laini wa maji uliolowa oili, kwa kuzungusha, si kwa kuvuta mbele na nyuma, kwa sababu mistari ya kwenda urefu wa silinda inakuwa mifereji mipya. Ncha za kutu zimeisha, mashimo yamebaki. Ukiyasugua hadi yaishe utakuwa umepanua silinda pale, na sili haitagusa ukuta. Dawa kamili ni silinda mpya. Nimemwambia baba mdogo, akaniuliza kama msimu huu unaweza kupita bila hiyo. Nimesema unaweza, kwa sharti nitakaloandika chini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya kujiaibisha. Tumerudisha mfuniko na gaskiti mpya, tumefunga bolti zote, tumeweka oili. Nikawasha, nikavuta lifti, mikono ikapanda vizuri sana, sekunde 3, kila mtu akapiga makofi. Nikasukuma lifti ishuke. Ikakataa. Mikono iko juu, haisikii mtarimbo.

Kutoka kwenye mfuniko kuna vijiti viwili vinavyoning'inia kwenda chini kugusa virola vya vali ya kontroli, kimoja cha kina cha kulima, kimoja cha kimo cha mikono. Mfuniko ukishuka, lazima mtu awe anachungulia dirisha la pembeni na kuviongoza vikae upande wake wa kirola. Mtu huyo alikuwa kijana, na mimi sikumweleza anatazama nini. Kijiti kimoja kilipita upande usio wake. Nimezima injini, nikashusha mikono kwa kuisukuma vali kwa bisibisi ndefu kupitia dirishani, tukafungua bolti zote tena. Nusu siku imekwenda hapo. Gaskiti, kwa bahati, ilitoka nzima.

Mara ya pili niliangalia mwenyewe, kijana ndiye alishika cheni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Zile lita 20 za kusafishia tumezimwaga. Zilikuwa zimeshaanza kuwa na ukungu kidogo. Tumejaza UTTO mpya hadi alama. Raba ya mtarimbo wa gia ni mpya, na juu yake kijana amefunga kipande cha mpira wa baiskeli kwa waya. Naona hicho kitadumu kuliko raba yenyewe.

Vipimo, plau ile ile, futi ile ile. Baridi, saa moja asubuhi: kupanda sekunde 3. Moto, baada ya saa tatu za kulima: sekunde 3 vilevile. Mikono mitupu inakaribia hapo hapo. Kutikisa kichwa hakuna, nimesimama nikihesabu hadi dakika mbili nikachoka.

Kushuka, injini imezimwa, trekta ya moto, mikono juu kabisa: sentimita 4 katika dakika kumi. Mikono ikiwa imeshushwa kidogo kutoka juu, kama vidole vinne: sentimita 1 katika dakika kumi. Hiyo moja iliyobaki inaweza kuwa vali ya kontroli au vali ndogo za pampu, na kwa trekta ya umri huu naiacha.

Sharti nililompa dereva ni kutokuvuta lifti hadi mwisho anapokuwa barabarani. Tumefunga kizuizi kwenye kibao cha mitarimbo, mtarimbo ukikigusa mikono inasimama chini ya pale penye vishimo. Sahani ya nyuma bado iko juu ya lami kwa shubiri nzima. Dereva kaniuliza, "Na tuta la mfereji je?" Kwenye tuta avute hadi mwisho, apite, arudishe.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimepita njiani kwenda Igurusi. Trekta imelima kila siku isipokuwa Ijumaa mbili. Kupanda sekunde 3. Oili ni ya dhahabu bado, tone kwenye bomba la moshi limekaa kimya likatoa moshi tu. Nimepunguza oili hadi chini ya dirisha la pembeni, nikalifungua na kutoa chujio: kuna nyuzi nne za silikoni nyekundu, mabaki yaliyokuwa yamejificha kwenye kona. Nimeosha, nimerudisha, na nimewaambia tulifungue tena mvua zikianza.

Baba mdogo ameshaulizia silinda Makambako. Kizuizi kwenye kibao kimeng'olewa, dereva anasema kilimchelewesha. Nimekifunga tena, safari hii kwa bolti.